Kikao cha lazima siku ya bamvua

"Bosi ameitisha kikao cha lazima Jumatano saa mbili asubuhi, na mimi nina wageni wa kuwapeleka kisiwani Mnemba wakati huohuo. Nimwambieje asione nimemdharau?"

Hoja ya bosi ina uzito. Ofisi ya utalii haikosi wageni, na kila mmoja akija na safari yake, kikao hakifanyiki. Kama kinachozungumzwa ni bei mpya, asiyekuwepo ndiye atakayewatajia wageni bei ya zamani.

Ila mtembeza wageni huonekana mkaidi kwa saa ambayo hakuipanga yeye. Akisema tu "nina wageni," bosi husikia "sitaki kuja," kwa sababu hakuelezwa kwa nini safari haisogei. Tuseme Jumatano hiyo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na boti inaondokea Matemwe. Siku za bamvua, kwetu Unguja maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na sehemu kubwa ya ndani ya mwamba hubaki mchanga na mwani. Nahodha anataka kutoka mapema, mnamo saa moja, boti ingali inaelea. Ukingoja kikao kiishe saa nne, boti imeshakaa chini, na mpaka maji yajae ya kuiinua, asubuhi ya wageni imekwisha. Bosi mwenyewe anayajua maji, lakini anapopanga kikao anatazama kalenda ya ofisi. Ni haki yako kumkumbusha, na kwa adabu.

Mwandikie siku ileile tangazo linapotoka, yeye peke yake, si kwenye kundi la Watsapu ambako kukukubalia ni kuwafungulia wote mlango. Na uombe ruhusa, usitoe taarifa:

"Assalaam alaykum Bwana. Nimeliona tangazo la kikao cha Jumatano. Siku hiyo nina wageni wanne wa Mnemba, arubuni walishalipa kabla ya tangazo. Ni bamvua, boti lazima itoke Matemwe saa moja, na Alhamisi asubuhi wageni wanasafiri. Naomba ruhusa nisihudhurie. Ripoti yangu nitakuletea Jumanne, na Jumatano jioni nitapita kwako nipate yaliyoamuliwa. Ukiona lazima niwepo, mwenzangu wa zamu yupo tayari kuwachukua wageni."

Sentensi ya mwisho ndiyo wengi huiacha, kwa kuogopa kuwa bosi ataishika. Mimi naiona ndiyo yenye heshima zaidi, maana bila hiyo umeshaamua mwenyewe na ombi ni jina tu. Kwa hiyo zungumza na mwenzako kwanza, kisha ndiyo uandike.

Usisingizie homa. Wageni huweka picha mtandaoni kabla hata boti haijarudi.

Na bosi akisema uje, njoo. Usiku wa Jumanne mpe mwenzako majina ya wageni, hoteli ya kuwachukua, saizi za mapezi yao, na umwambie nani kati yao hajui kuogelea.