Nielezee kwa Wageni

Kiingereza changu hakijawahi kunilaza njaa. Nimekula nacho miaka 11 sasa, kwenye kampuni ndogo ya kupeleka watalii mbugani hapa Arusha. Mwenye kampuni ni mama mmoja Mwingereza anayeishi huko huko kwao, na mambo yote tunayamaliza kwa WhatsApp. Ubaya wa WhatsApp ni kwamba ukikosea, kosa linabaki pale pale likikutazama.

Jioni moja nilikuwa nakwenda KIA kupokea wageni watatu: mzee, mkewe na binti yao. Kufika Usa River, pancha. Tairi la akiba nalo, kulibonyeza, laini kama embe bivu. Mikono imejaa grisi, ndege imeshatua, nikaona heri mama aniombee radhi kule, awaambie niko njiani. Kichwani sentensi ilikuja yenyewe: nielezee kwa wageni, nimechelewa. Nikaigeuza kama ilivyo, nikatuma:

"Please explain me to the guests, I am late."

Akajibu papo hapo: "With pleasure!" Na nyuso tatu za kucheka. Nikasema, mabosi kama huyu wamebaki wachache.

Nilipofika nikasimama nje na kibao changu chenye majina yao. Hakuna aliyekisoma. Binti alininyooshea kidole toka mlangoni, wote watatu wakanijia mbio wanacheka, mzee akanikumbatia kama tumesoma pamoja. Nikafurahi. Ndani ya gari binti akafungua simu, akasoma kwa sauti alichoandikiwa na mama. Kwa Kiswahili ni hivi: mfupi, kipara kinang'aa, tumbo linatangulia, anatembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Akichelewa atawaambia ni pancha. Msimwamini.

Na siku hiyo, jamani, ilikuwa pancha kweli.

Nilijua ni utani tu, nikaupisha. Haikunipitia akilini kwamba nimejiombea mwenyewe.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya dereva wetu, mtu wa miaka 9 kwenye kampuni. Gego lilimvimba siku mbili kabla ya safari ya Serengeti. Akaniambia, nikamshauri aende akaling'oe mapema, kwa sababu jino likikukamata katikati ya Serengeti daktari uliyenaye ni fisi. Akaenda. Mimi nikampa mama taarifa:

"The driver said me he has a problem. I suggest him to go."

Kwangu ilisomeka vizuri kabisa: dereva kaniambia ana tatizo, nampendekezea aende. Aende wapi? Si kwa daktari wa meno! Mama akajibu: "Oh dear. Leave it with me." Nikaliacha kwake kama alivyotaka, nikaenda kunywa chai.

Saa mbili baadaye dereva akaingia ofisini. Shavu limetuna kama kaficha andazi, pamba mdomoni, ganzi bado haijamwachia. Hakunisalimia. Alinisukumia simu. Mama alikuwa amemwandikia barua ndefu ya upole: anamshukuru kwa miaka 9 ya utumishi, atamlipa mshahara wa mwezi mmoja wa notisi, anamtakia kila la heri huko aendako. Ilimkuta kwenye kiti cha daktari, mdomo wazi.

"Kaka," akasema, na herufi s yote imeliwa na ganzi, "umenithema?"

"Sijakusema! Nimekupendekeza tu!"

"Umenipendekedha niende wapi?"

Jirani na ofisi yetu kuna mama mmoja anauza maziwa, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Tulimwendea wawili, mmoja analia na mwingine hawezi kulia kwa sababu uso hausogei. Shikamoo, marahaba, akashusha miwani puani, akasoma ujumbe wangu wote, hata ule wa KIA. Alicheka mpaka akaweka kikombe cha kupimia chini.

"Mwanangu, ukisema 'nimempendekeza fulani', huyo fulani amefanywa nini?"

"Nimetaja jina lake, Mwalimu. Labda awe mwenyekiti."

"Na 'nimempendekezea'?"

"Hapo nimempa yeye wazo."

"Basi. Ni ka-e kamoja tu katikati ya neno, na maana imehama. Kiingereza hakina cha kuchomeka humo ndani, kina 'to', nayo inakaa nje, mbele ya mtu. Ukiisahau, mtu anayefuata 'explain' au 'suggest' anakuwa ndiye jambo lenyewe. Wewe hukumwambia mama awaeleze wageni kitu. Umemwambia awaelezee wewe ulivyo. Na huyu," akamgeukia dereva, "wewe umempendekeza. Kuondoka."

Dereva akaguna kwa upande mmoja wa mdomo.

Nikajitetea kwamba kwetu tunasema "nieleze", mtu anaganda kwenye kitenzi bila hako ka-e. Akasema ndiyo, na hilo ndilo neno linaloponza darasa zima kila mwaka: mtoto anaanza na "nieleze", anatua kwenye "explain me". Andika "explain it to me", au "explain to me why". Kwenye "suggest" akaniongezea kwamba hata "to" ya mbele ya mtu isingeniokoa, kwa sababu neno hilo halikubali "him to go" hata kidogo. Linalokubali ni "advise": "I advised him to go." Lenyewe linataka "that": "I suggested that he go to the dentist."

"'He go', Mwalimu? Bila es?"

"Bila. Ukiona aibu sema 'he should go'."

Halafu akaweka kidole kwenye "said me". "Hili ndilo la kunishangaza, maana Kiswahili chako mwenyewe kinakukataza. Kumsema mtu ni kumfanyaje?"

Nikamtazama dereva. Dereva akanitazama.

"Ukisikia 'ambia' kichwani, andika 'tell', na mtu umgandishe hapo hapo bila 'to': 'told me'. Ukisikia 'sema', andika 'say', na mtu muache. Ukimhitaji sana, 'said to me'." Akarudi kwenye maziwa yake.

Tukaketi kwenye benchi lake, dereva ananichungulia begani herufi kwa herufi, nikaandika:

"The driver told me he had a toothache. I suggested that he see a dentist. Please explain to him that he still has his job."

Dakika tano hazijaisha, simu ya dereva ikalia. Karudishwa kazini, kaombwa radhi, na gharama ya gego atalipiwa. Akapumua. Kisha yangu nayo ikaita. Maneno mawili tu:

"Explain yourself."

Nikayasoma mara mbili. Nikatabasamu. Mama wa watu, na Uingereza yake yote, kaisahau "to". Sikutaka kumwaibisha, ila nikaona si vizuri kumwacha aendelee hivyo. Nikamwandikia kwa heshima:

"Madam, we say explain to yourself."

Tiki mbili zikageuka bluu. Hakuandika kitu. Nikamwita Mwalimu aje aone jinsi nilivyomsahihisha Mwingereza. Alipoisoma, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaniuliza kama nina akiba benki.

Dereva akanipapasa mgongo taratibu.

"Kaka," akasema, "thatha ni damu yako kwenda."

Nadhani alikusudia "zamu".