Mteja wa Zamani Akumbushwe Kazi, Asiombwe Sifa

Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, na kwa muda mrefu niliwaomba wateja wa zamani waniandikie pendekezo kwenye LinkedIn kwa kuwatumia ujumbe mfupi wa kawaida, bila kuwaeleza lolote zaidi. Waliojibu waliandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu, maneno ambayo yangemfaa hata dereva wao. Sikuwalaumu, kwa sababu mtu uliyemkabidhi kazi miaka miwili iliyopita hakumbuki ulichomfanyia, na asiyekumbuka husifu tabia.

Kwa hiyo nilipomwendea meneja mmoja wa usalama kiwandani, nilianza kwa kumpigia simu, naye akaomba kwanza ruhusa ya mkuu wake, maana si kila kampuni hupenda kazi zake zitajwe hadharani. Aliporuhusiwa ndipo nilipomwandikia:

“Dada, asante kwa kukubali. Nakukumbusha kwamba ulinipa mwongozo wa usalama wa kurasa 64, na kabla haujachapwa tulikaa siku mbili na mafundi wako tukiusoma kwa sauti. Ukipata nafasi, andika ulichokiona siku zile mbili. Sentensi nne zinatosha.”

Aliandika kwamba mafundi walinisimamisha kwenye neno “vali”, kwa kuwa wao husema “koki”, nami nikalibadilisha kila lilipotokea. Mteja mpya akisoma hayo anajua nifanyavyo kazi. Wenzangu wengi humwandikia mteja maneno yote ili abandike tu. Mimi sikubaliani nao, kwani mapendekezo matano yenye mtindo mmoja wa sentensi humwonyesha msomaji kwamba mwandishi ni mmoja. Kumkumbusha mteja mambo yaliyotokea ni halali, lakini hukumu ni yake.

Kosa langu lilikuwa kwingine. Unapotuma ombi, LinkedIn hukutaka uchague uhusiano wenu na nafasi uliyokuwa nayo wakati huo, na nafasi hizo hutoka kwenye wasifu wako mwenyewe. Wangu ulikuwa bado na ajira ya zamani peke yake, nikaichagua bila kufikiri, na pendekezo likaonekana kana kwamba dada huyu alikuwa mteja wa ofisi niliyokwisha kuiacha. Anayejitegemea aongeze kwanza kazi yake hiyo kwenye wasifu, na ahakikishe kwamba mteja yumo katika mtandao wake, kwa sababu asiyeunganishwa naye hawezi kuombwa kwa njia hiyo.

Pendekezo halionekani kwa watu mpaka ulikubali, na ukiona kasoro unaweza kumrudishia mwandishi alirekebishe, ingawa wewe huwezi kuligusa. Nilimrudishia kwa ajili ya nafasi ile. Sentensi yake ya mwisho, iliyosema kwamba nilichelewa siku mbili, niliiacha.