Herufi ya Kirusi ndani ya memwari ya Kifaransa

"Kanuni za kitivo hazitaji popote herufi zilizofichwa. Sasa mwanafunzi aadhibiwe kwa kosa gani?"

Ndivyo wanavyouliza wanaomtetea mwanafunzi aliyeficha herufi ngeni katika kazi yake ili wizi wa maandishi usigunduliwe. Jibu langu: kwa udanganyifu wa makusudi, na makusudi hayo yanasomeka ndani ya faili. Tuchukulie memwari ya sheria ya hapa Bukavu, kurasa 60. Programu inayopima mfanano wa kazi na maandishi ya wengine haitazami umbo la herufi, inasoma namba yake. Kwa jicho, hizi ni pacha:

```
e  U+0065
е  U+0435
```

Ya pili ni ya Kirusi. Ukiipachika mahali pa ile ya kwanza, hata *le*, *de* na *que* zinakuwa maneno mageni kwa programu, na ukurasa ulionakiliwa unapita kama mpya. Profesa naye anaona Kifaransa safi.

Wanaomtetea mwanafunzi wana hoja ya kweli: alama zisizoonekana huingia zenyewe. Word ikiwa katika Kifaransa huweka nafasi isiyokatika, U+00A0, kabla ya nukta mbili bila kuulizwa, na ukinakili kutoka mtandaoni unaweza kubeba nafasi isiyo na upana, U+200B, usijue. Kumwadhibu mtu kwa hizo ni uonevu. Lakini hizo hukaa ovyo, au pale alama za uandishi zilipo. Katika mfano wetu, e ya Kirusi imejaa kurasa 12 hadi 19 tu, zilezile zilizotoka katika kazi ya mwingine. Klaviye ya Kifaransa haitoi herufi hiyo. Tena Word kwa kawaida huyapigia maneno ya namna hiyo mstari mwekundu, kwa hiyo huenda kuna aliyeona wekundu ule akauzima. Fungua faili, bonyeza Ctrl+F, andika *le* kwa mkono wako: ukurasa wa 11 inapatikana, wa 12 haipo.

Maandishi meupe, hila ya pili, hayana hata kisingizio hicho. Herufi nyeupe ikiwekwa mahali pa nafasi, sentensi nzima inahesabiwa kama neno moja, na ukurasa uliojaa unaonyesha maneno machache mno. Chagua yote, paka rangi nyeusi, utayaona.

Hoja nyingine naipa uzito zaidi. Anayenukuu vifungu vya Kode ya Madini ya 2002 atapata asilimia kubwa ya mfanano ingawa hajaiba kitu, na hofu ya asilimia inamsumbua. Ila huyo ana la kumwonyesha direkta wake: alama za kunukuu na namba ya kifungu. Akivificha, anamnyima direkta nafasi ya kuona kwamba nukuu ni halali.

Linalobaki gumu ni mkono wa nani. Wengi huku hupeleka kazi kwa mchapaji, na mchapaji anaweza "kushusha asilimia" kwa malipo. Faili linathibitisha hila, halimtaji mtu. Kabla ya adhabu, jopo liombe nakala ya awali iliyo kwenye flashi ya mwanafunzi na kulinganisha kurasa zile nane.