Kwani Aliyekuwepo Ndo Msema Kweli?

Mpwa wangu anasoma shule ya hizi mitaala ya kizungu, zile ambazo kwenye karatasi ya historia unapewa vyanzo viwili vinavyogombana afu unaambiwa amua. Wiki iliyopita kaniletea noti za tyusheni nimsaidie kupitia, nikakuta swali zuri kabisa, yaani swali la maana, na chini yake jibu la mfano ambalo limenikera mpaka leo. Swali: je, Chanzo B kinaonyesha kuwa Chanzo A kinadanganya kuhusu jinsi Wareno walivyopokelewa Malindi mwaka 1498? Maksi nane. Jibu la mfano: "Chanzo A ni cha kuaminika zaidi kwa sababu mwandishi alikuwepo. Chanzo B kiliandikwa baadaye. Vyote viwili vina upendeleo." Kwisha habari. Na wazazi wanalipia hiyo kitu kila mwezi.

Mimi nimefundisha historia miaka mingi kabla sijaachana na chaki, kwa hiyo naomba mnivumilie nipandishe kidogo.

Chanzo A ni ile shajara ya safari ya Vasco da Gama, iliyoandikwa na mtu aliyekuwa ndani ya zile meli, wengi wanasema Álvaro Velho. Chanzo B ni Tarehe ya Kilwa, yaani ile historia ya mji huo iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo mwandishi wake mwenyewe anasema kazaliwa 904 Hijria, yaani 1499. Da Gama anapita huku, huyu bwana hata tumboni kwa mama yake bado. Sasa mtoto akishaona hivyo anaruka moja kwa moja: A alikuwepo, B hakuwepo, A kashinda. Lakini jamani, aliyekuwepo ndo huyohuyo anayesema Wahindi aliowakuta Malindi walikuwa Wakristo! Waliletwa melini wakaonyeshwa picha ya Bikira Maria wakasujudu, basi kaandika Wakristo hao. Mtu kaona kwa macho yake mawili na bado kapotea. Kuwepo kunakusaidia tarehe na upepo ulivyovuma na nani alipanda mtumbwi gani, hakukusaidii kujua mwenzako ana nini moyoni.

Tena kosa kubwa la hilo jibu wala sio hapo. Kosa ni kwamba halijalinganisha chochote. Limevipima vyanzo kimoja kimoja, kila kimoja kwenye mzani wake, afu likatangaza mshindi. Kulinganisha maana yake unachukua jambo MOJA, dogo, unauliza A anasemaje juu ya hilo, B anasemaje juu ya hilohilo, afu unatumia mmoja kumbana mwenzake.

Twende taratibu. Kwenye kisa hiki A na B wanapishana pakubwa sehemu mbili. Kwanza mahali. A anasema kabla ya Malindi walitia nanga Mombasa, tarehe 7 Aprili, na huko ndo nusura wapotezwe. B anasema Wareno walipita Kilwa wakafika Mafia, na huko ndo watu wakapanga kuwakatia nanga ili meli zipeperuke zivunjike ufukweni. Hapa nampa A bila ubishi, anazo siku moja moja na B anasimulia alichosikia ukubwani. Sawa. Nimekubali. Msinisumbue.

Lakini angalia kinachobaki ukishaondoa jina la mahali. Shajara inasema usiku wa manane wa tarehe 10 walikuja watu kwa mitumbwi wakaogelea hadi meli ya Berrio wakaanza kukata amari ya nanga. Walinzi mwanzoni walidhani ni jodari wanarukaruka majini! Na Tarehe ya Kilwa, kwa Kiarabu, imeandikwa upande wa pili na mtu wa upande wa pili, nayo inasema hivyohivyo: mpango ulikuwa kukata nanga. Mwandishi wa Kilwa hakunakili kwa Mreno, shajara yenyewe haikuchapishwa mpaka 1838. Wawili wasiojuana, wasiopendana, wanakutana kwenye jambo dogo la ajabu kama hilo, hapo mwanafunzi anatakiwa aruke kwenye kiti.

Na umuhimu wake unaongezeka ukijua A alivyopata habari za njama. Jioni ya siku hiyohiyo Da Gama alikuwa na watu wa Msumbiji mle melini, akawahoji wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka mwilini. Wakasema ndiyo, kuna njama, Mombasa wanataka kulipiza yale mliyoyafanya Msumbiji. Sasa mtu anayemwagiwa mafuta ya moto atakubali hata kwamba yeye ndo kaumba bahari. Ukiwa na A peke yake, hayo maungamo hayana thamani, na wale waogeleaji mtu anaweza kusema wezi tu wa kamba. Ni B ndo anakuja kumwokoa A. Yaani kile chanzo ambacho noti za tyusheni zimekitupa jalalani kwa sababu "kiliandikwa baadaye" ndo kinachofanya habari ya A iaminike. Mnaona utamu wake?

Afu inageuka upande wa pili. B anasema baadhi ya watu walidhani Wareno ni watu wema, lakini wenye kuujua ukweli wakasema hawa ni waharibifu wamekuja kupeleleza nchi waichukue. Mwanafunzi mwerevu anauliza, huo ukweli waliujua vipi? B hasemi, ila mistari michache nyuma kataja kwamba habari za Wafaranji, yaani haohao Wareno, zilitangulia kutoka Msumbiji. Rudi A sasa: mwishoni mwa Machi Wareno waliupiga mizinga mji wa Msumbiji katika ugomvi wa kuteka maji. Basi. Sababu ya A ni kisasi cha Msumbiji, sababu ya B ni kwamba wajuzi waliwashtukia, na ukizikalisha pamoja zinaweza kuwa sababu moja tu iliyosimuliwa na watu wawili, mmoja akiwa kwenye mzinga na mwingine akiwa ufukweni. Hilo hakuna chanzo kinachokupa peke yake. Ni tafsiri yangu hiyo, ila inasimama kwenye maneno ya wote wawili.

Haya, tuje Malindi sasa, ndo sehemu ya pili wanayopishana na ndo swali lenyewe. A: mfalme kafurahi, katuma kondoo, kaja kwa chombo amevaa joho la hariri, mwavuli mwekundu, siwa za pembe zenye urefu wa mtu zinapigwa, siku tisa za ngoma na michezo ya vita. B: watu wa Malindi walipowaona walijua hawa ni watu wa vita na uharibifu, wakaingiwa na hofu kubwa, wakawapa kila walichotaka, maji, chakula, kuni, na rubani wa kuwapeleka Hindi. Sherehe huku, hofu kule. Mwanafunzi wa tyusheni anaandika vinapingana, maksi mbili, asante kwa kushiriki.

Mimi nataka arudi ndani ya A atafute vile vitu ambavyo mwandishi kaviandika bila kujua vinamchongea. Vipo! Kabla ya kufika Malindi wameteka chombo baharini chenye watu 17 na dhahabu na fedha na nafaka, pamoja na mzee mmoja mheshimiwa na mke wake kijana. Wamefika Malindi na mateka wao. Huyo mzee ndo wakamteremsha kwenye fungu la mchanga apeleke salamu kwa mfalme. Fikiria mwenyewe unapokea salamu kutoka kwa mgeni aliyemshika mzee wa watu na mkewe bado yuko melini. Mfalme alipokuja kuonana nao Da Gama akawaachia mateka wote, na shajara inasema mfalme alifurahi sana. Angeachaje kufurahi! Alialikwa nyumbani kwa mfalme, Da Gama, akakataa kukanyaga ardhi. Na alipokwenda kutembeza mashua mbele ya mji, mizinga imo ndani ya mashua.

Kilichonimaliza mimi ni Jumapili ya tarehe 22. Mfalme katuma mtu wake wa karibu melini, Da Gama kamzuia huyo mtu, katuma ujumbe nipe rubani uliyeniahidi. Rubani akaletwa. Mtu akaachiwa. Yaani huyo rubani tunayesimuliwa kila siku kama zawadi ya urafiki kapatikana kwa kumshikilia mtu, na anayetuambia ni Chanzo A chenyewe, sio adui. (Na kabla hamjaanza na Ahmad ibn Majid, yule baharia wa Kiarabu anayesemwa ndo alikuwa rubani huyo: hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivi viwili kinachomtaja rubani kwa jina, hiyo hadithi ilikuja baadaye, tusichanganye.)

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mpwa: hapana, B haonyeshi kwamba A anadanganya. Matukio ya A yako sawa, kondoo, siwa, ngoma, yote yalikuwepo. B anaonyesha kwamba A kasoma vibaya sababu, na ushahidi wa kumsaidia B umo humohumo ndani ya A, mateka, mizinga, mtu wa mfalme kuzuiwa. Watu wanaweza kumchezea ngoma mgeni na huku magoti yanagongana.

Na B pia abanwe, tusimwachie, maana wengine mkisikia chanzo ni cha kwetu mnataka kukibeba mgongoni. Huyu bwana wa Kilwa anaandika baada ya Wareno kuuteka na kuupora mji wake mwaka 1505. Ukishaibiwa utasema nilimjua tangu anaingia getini. Kwa hiyo hayo maneno kwamba watu wa Malindi "walijua" ni watu wa vita, sehemu yake yanaweza kuwa ya 1505 yaliyorudishwa 1498. Pia Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu, mfalme wa Malindi alikuwa na sababu zake za kutaka rafiki mwenye mizinga, na hilo B haligusi kabisa. Hofu na hesabu za siasa vinaweza kukaa kichwa kimoja.

Hiyo ya upendeleo nayo, sipingi kuiandika, ila useme ni upendeleo wa kuelekea wapi na umeharibu sentensi gani. La sivyo ni sawa na kuandika kwamba vyanzo vyote viliandikwa kwa wino.

Mpwa kaandika upya kwa mpangilio huu, ukurasa mmoja na robo, kaupeleka kwa mwalimu wa tyusheni. Kapewa tano kati ya nane na maoni pembeni kwa kalamu nyekundu: "Hujasema chanzo kipi ni cha kuaminika zaidi."