Omba haki za Kiswahili, usiombe za Tanzania tu

Mwalimu mmoja wa Ujiji, mtu ninayemheshimu sana, alinionyesha barua anayotaka kumwandikia mchapishaji wa Ufaransa. Anataka kutafsiri kitabu cha watoto. Barua ni ya adabu, lakini ombi lenyewe ni sentensi moja: "Naomba ruhusa ya kukitafsiri na kukiuza Tanzania."

Mwalimu, hapo nakupinga. Sisi wa Kigoma tunajua bidhaa zinakokwenda. Kitabu kikipendwa, wafanyabiashara watakivusha hadi Bujumbura, Uvira na Kalemie, maana wasomaji wa Kiswahili wako ng'ambo ya ziwa pia. Mkataba ukitaja Tanzania peke yake, huna haki ya kupeleka nakala huko, na mchapishaji yuko huru kumpa mtu mwingine Kiswahili cha Kongo. Andika "haki pekee za Kiswahili, nchi zote". Hilo si kujikweza, kwani haki za tafsiri kwa kawaida huuzwa kwa lugha.

Jambo jingine ni nani anayeomba. Wachapishaji wengi hawampi haki mtafsiri asiye na wa kumchapia. Humpa mchapishaji mwenzao. Kwa hiyo barua ya kwanza iulize tu kama haki za Kiswahili bado ziko wazi, ieleze wewe ni nani, na iambatane na sura moja uliyokwisha kuitafsiri. Zikiwa wazi, mtafute mchapishaji wa hapa nchini aingie mkataba.

Kisha inakuja hesabu, na hapa ndipo watu huumia. Tuseme mnachapa nakala 1,000, bei ya jalada Sh 10,000, na mrabaha wa asilimia 7. Asilimia 7 ya nini? Ikiwa ni ya bei ya jalada, mtawalipa Wafaransa Sh 700 kwa kila nakala, sawa na Sh 700,000 zote zikiuzwa. Ikiwa ni ya fedha inayomfikia mchapishaji, na duka limekata asilimia 40, hesabu inafanywa kwa Sh 6,000, nao wanapata Sh 420. Tofauti kwa nakala zote ni Sh 280,000, na sehemu ya mrabaha huenda ikadaiwa mapema kama malipo ya awali, kabla kitabu hakijauzwa. Mimi ningependekeza mrabaha wa fedha iliyopokelewa, na malipo ya awali yasizidi nusu ya mrabaha wa nakala hizo za kwanza.

Usisaini pia kipengele kinachohamishia hakimiliki ya tafsiri kwa Wafaransa. Kitabu ni chao, lakini maneno ya Kiswahili ni kazi yako, na sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inailinda tafsiri kama kazi inayojitegemea. Muda wa mkataba ukiisha, hawatakuwa na haki ya kumpa mchapishaji mwingine tafsiri yako bila kukuuliza wewe.