Mpira ukipotea: adhabu moja, uzito mbili

Wachezaji wengi wa gofu wa Dar es Salaam, iwe Gymkhana au Lugalo, huamini kuwa mchezo wa mashimo, ambako ushindi huhesabiwa shimo kwa shimo, unamhurumia aliyepoteza mpira, na mchezo wa mikwaju, ambako mikwaju yote hujumlishwa hadi mwisho, haumhurumii. Ninakubaliana nao kwa nusu. Adhabu yenyewe ni ileile katika michezo yote miwili, ila mwendo wake baada ya kutolewa ndio unaotofautiana.

Mpira huhesabiwa umepotea usipoonekana ndani ya dakika 3 tangu mchezaji au kedi wake aanze kuutafuta. Kabla ya 2019 zilikuwa dakika 5. Kuhusu vigingi vyeupe vinavyoonyesha mpaka wa uwanja, mpira uko nje ya mpaka pale tu ulipovuka wote. Ukigusa uwanja hata kidogo, unachezwa. Katika hali zote mbili mchezaji anaongezewa mkwaju mmoja na kurudi alikopiga mwanzo. Anapoteza mkwaju na masafa pia.

Tuchukue shimo la pa 4, linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, pale Lugalo, baada ya masika, majani yakiwa marefu. Mchezaji anapiga kutoka tii, pale shimo linapoanzia, mpira unaishia vichakani na hauonekani. Huo ni mkwaju wa 1, adhabu ni wa 2, na anaporudi tii anapiga wa 3. Ukitoka vizuri, wa 4 unafika grini, anagusa mara mbili, anaandika 6. Sasa tuseme ule wa tatu nao umevuka vigingi. Adhabu inakuwa mkwaju wa 4, anapiga wa 5 kutoka tii, wa 6 unafika grini, anamaliza na 8.

Katika mchezo wa mashimo, 6 na 8 zina thamani moja ikiwa mpinzani amepata 5: shimo limekwenda, wanahamia tii inayofuata. Tena baada ya mpira wa pili kutoka nje anaweza kumwachia mpinzani shimo bila kulimaliza. Katika mchezo wa mikwaju hana ruhusa hiyo. Lazima amalize, na ile 8 inabaki kwenye kadi yake mpaka shimo la 18. Hapo ndipo wanaousifu mchezo wa mashimo wana hoja.

Lakini wanaoutetea mchezo wa mikwaju wanajibu, na mimi nawaelewa, kwamba kadi inalinda watu wasiokuwepo. Makundi ya nyuma hayakuona alichofanya vichakani, na haki yao iko kwenye hesabu kamili. Na mchezo wa mashimo si mpole kila mahali. Mchezaji akiangusha mpira mpya kando ya kichaka badala ya kurudi, kisha akaupiga, amecheza mahali pasipo halali, na katika mchezo wa mashimo shimo limepotea papo hapo. Katika mchezo wa mikwaju anaongezewa mikwaju 2, ila bado anaweza kurekebisha kosa kabla ya kupiga kutoka tii inayofuata. Asiporekebisha, anaondolewa mashindanoni. Vilevile katika mchezo wa mashimo, mpinzani akiuliza umepiga mingapi, jibu lisipojumuisha mkwaju wa adhabu, na usilisahihishe kabla hajapiga, linakugharimu shimo.

Njia ya kuepuka safari ya kurudi tii ni mpira wa akiba, yaani wa pili unaopigwa kabla ya kwenda kuutafuta wa kwanza. Unautangaza kabla ya kuupiga, kwa maneno yanayoeleweka kuwa ni wa akiba. Kusema tu "napiga mwingine" hakutoshi: mpira huo unakuwa ndio halali, na ule wa kwanza hata ukionekana wazi hauna kazi tena.

Mjadala mkali zaidi unahusu kanuni ya hiari ambayo kamati ya klabu inaweza kuipitisha: badala ya kurudi, mchezaji anaongezewa mikwaju 2 na kuangusha mpira usawa wa pale ulipopotea au ulipovukia mpaka, hadi ukingoni mwa njia ya nyasi fupi, bila kusogea karibu zaidi na shimo. Hawezi kuitumia ikiwa ameshapiga mpira wa akiba. Hesabu inaonekana sawa: anayeangusha hapo anapiga mkwaju wa 4, na aliyerudi tii akapiga vizuri naye anapiga wa 4. Tofauti ni kwamba yule wa kwanza hakulazimika kupiga tena akitazama vigingi vilevile. Ameondolewa hatari ya ile 8.

Kanuni hii inaokoa muda, na muda unapotea zaidi kwenye mchezo wa mikwaju, ambako hakuna kuachiana shimo. Lakini hukohuko ndiko kuondoa hatari kunakopindusha msimamo wa washindani. Kwa maoni yangu, mashindano ya Jumamosi ya wenye hendikapu za juu, yaani wachezaji wasio mahiri sana, yaitumie, maana foleni kwenye tii inaumiza kila mtu. Ubingwa wa klabu usiiguse. Kanuni zenyewe haziipendekezi kwa mashindano ya wachezaji wa kiwango cha juu. Katika mchezo wa mashimo sioni haja yake kabisa, kwa kuwa aliyekwama tayari ana haki ya kuliacha shimo. Na kamati ikiamua kuipitisha, ibandikwe ubaoni kabla kundi la kwanza halijapiga, si baada ya mtu kupoteza mpira.