Kilima cha Mama Pacha

Mfuko mmoja wa sabuni ya unga, kilo 25, ulilala chini ya kitanda changu, maana mimi ndiye mpangaji pekee nisiye na watoto. Usiku mzima nilipiga chafya zenye harufu ya maua.

Tulikuwa wapangaji 8 tuliochanga. Jirani wa chumba namba 6 alikataa, akasema pesa za ubia humtia tumbo joto. Tulimcheka.

Hesabu niliipiga mimi. Kilo 25 kwa pakiti za gramu 250 ni pakiti 100. Tukiuza 85, mtaji wetu umerudi. Pakiti 4 zingelipia vifuko, 11 zilizobaki ni faida tupu. Nilipigiwa makofi pale uani, nikajiona mkurugenzi.

Kazi ya kupima ikaenda kwa Mama Pacha, kwa kuwa alikuwa na kikombe ambacho kikijazwa sawasawa kinabeba gramu 250. Tatizo ni kwamba Mama Pacha hajui kujaza sawasawa. Kila kikombe alikipa kilima juu, akikipigapiga kishike vizuri. Nilipolalamika akaniuliza, "Mwanangu, ukiuziwa kikombe bapa utarudi?" Nikanyamaza. Mtu mzima haambiwi asawazishe.

Pakiti zilitoka 91, ya mwisho ikiwa ya kukombeleza. Nikaipeleka moja kwenye mizani ya duka la jirani: gramu 275! Kile kilima kilikuwa gramu 25, na vilima 90 vilikuwa vimekula pakiti 9 za faida. Kati ya 11 zikabaki 2.

Hilo tungelivumilia. Ila wateja sasa! Nani atakuja kununua sabuni kwenye nyumba ambayo kila mlango ni mwenye duka? Tulinunuliana wenyewe, tena kwa mdomo. "Andika tu, nitakatwa kwenye faida yangu." Daftari langu lilijaa watu 8 wanaosubiri kukatwa kwenye pakiti 2. Baba Pacha alifua hadi mapazia, na sijawahi kuona pazia kwao.

Mteja wa taslimu alikuwa mmoja, yule wa namba 6. Alinunua pakiti 4, akaipima ya kwanza mkononi kama anayenunua dhahabu, akatabasamu. "Hii biashara yenu nzuri sana," akasema. Kwake, kweli.

Ilichukua mwezi na ugomvi wa mara mbili kwenye kamba ya kuanikia hadi madeni yalipoingia. Tukaketi uani kugawana faida: pakiti 2 kwa watu 8. Mama Pacha akanyoosha mkono kuchukua kikombe, tukapiga kelele sote kwa pamoja. Safari hii tulipima kwa kijiko, nami nikasimama pembeni na kisu, nikisawazisha kila kimoja.